Jina na nembo ya bidhaa asilia za ngozi: namna ya kuchagua bila kufananishwa na mkorogo

Wanaoanza kutengeneza mafuta, sabuni na siagi za mwili huniuliza mambo yaleyale. Jina liwe la Kiswahili au la Kizungu? Nembo lazima iwe na jani? Nikiandika "oganiki" mbele kuna ubaya gani? Mbona nimesajili jina BRELA na bado kuna mtu mwingine anabandika linalofanana nalo kwenye sabuni yake? Nimeyaweka majibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, na nitatumia mfano mmoja hadi mwisho.

Kabla ya hatua, neno moja kuhusu soko. Mnunuzi anayeshika kichupa kipya cha mafuta ya ngozi ana swali kichwani hata kabla ya kuuliza bei: huu si mkorogo? Anamjua mtu aliyebabuka uso. Amesikia habari za krimu zenye zebaki, hidrokwinoni na steroidi, ambazo zimepigwa marufuku lakini bado zinauzwa chini ya meza. Kwa hiyo ukisema unataka jina na nembo vya kuaminika, maana yake ni mambo matatu tu. Visimkumbushe mkorogo, visiahidi kitu ambacho mafuta hayawezi kufanya, na vimwezeshe kukupata akiwa na malalamiko.

Mfano wetu ni wa kutunga, ila unafanana na wengi ninaowafahamu. Dada mmoja wa Mbezi, Dar es Salaam, ana bidhaa tatu: mafuta ya mbegu za ubuyu katika chupa ya mililita 50, siagi ya mwili ya shea na nta ya nyuki katika kopo la gramu 100, na sabuni ya mwarobaini. Anauza kwa WhatsApp na Instagram, na anataka kuingia kwenye maduka ya vipodozi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha kamili ya viambato vya kila bidhaa, pamoja na vile usivyopenda kuvitaja.
- Chupa na kopo halisi utakavyotumia, vikiwa vitupu. Picha ya chupa haitoshi.
- Namba yako ya NIDA, kwa ajili ya usajili wa mtandaoni.
- Watu watano wasioijua biashara yako, angalau wawili wakiwa wa umri wa mama yako.
- Steshenari ya karibu yenye printa nzuri.

Mbunifu wa michoro bado hahitajiki. Wengi huanza na yeye, wakalipia nembo ya jina ambalo baadaye wanalazimika kulibadili.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja ya kweli

Andika bidhaa yako ni nini, imetengenezwa kwa nini na inafanya nini, kwa maneno ambayo ungeweza kuyatetea mbele ya mkaguzi. Dada wa Mbezi aliandika kwanza: "Mafuta ya asili yasiyo na kemikali, yanatibu chunusi na kung'arisha ngozi." Sentensi hiyo ina matatizo matatu.

Tatizo la kwanza ni "yasiyo na kemikali". Sabuni yake ya mwarobaini, kama sabuni zote ngumu za kutengeneza kwa mkono, hupatikana kwa kuchanganya mafuta na kostiki soda. Kostiki ikishakutana na mafuta kwa kipimo sahihi hugeuka kuwa sabuni, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Ila mteja anayejua kidogo utengenezaji wa sabuni akiona "haina kemikali" atajua unadanganya, au hujui unachofanya. Yote mawili yanakuangusha.

La pili ni "yanatibu". Bidhaa inayodai kutibu inatoka kwenye rafu ya vipodozi na kuingia kwenye dawa. Tanzania Bara tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, na dawa ziko TMDA. Neno moja kwenye lebo linaweza kukuvusha mpaka huo bila wewe kujua.

La tatu ni "kung'arisha". Wewe unamaanisha ngozi yenye afya na mvuto, lakini sokoni neno hilo lilishachukuliwa na wauza mkorogo.

Sentensi iliyobaki ni hii: "Mafuta ya mbegu za ubuyu yaliyokamuliwa bila moto, ya kulainisha ngozi kavu." Ni fupi na haina makeke, na jina litatungwa juu yake.

Hatua ya 2: Piga mstari maneno yanayokuharibia

Chukua karatasi, andika kila neno la jina linalokujia, kisha ukate yote yaliyo kwenye makundi haya.

Kundi la weupe na mng'ao: nyeupe, ng'ara, "glo", "wait", "lait", "karo" na ndugu zao wote. Hata kama mafuta yako hayana kitu chochote cha kuchubua, jina la aina hii linakupanga rafu moja na wenye kuchubua. Mnunuzi makini atakupita, na anayetafuta mkorogo atakununua, aone hakuna kilichobadilika, kisha aseme bidhaa yako ni feki. Umepoteza wote wawili.

Kundi la hospitali: dokta, kliniki, tiba, dawa, famasi. Kama si daktari, usijiite. Kama ni daktari kweli, bado jina litaleta maswali ya kudai tiba.

Kundi la vyeti: "oganiki" ndilo kubwa. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai tangu mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. Alama hiyo hupewa mzalishaji aliyekaguliwa. Ubuyu uliookotwa porini huko Dodoma unaweza kuwa safi kuliko kitu chochote chenye cheti, lakini bila cheti usiliweke neno hilo kwenye jina. Vilevile epuka maneno yanayofanya biashara ionekane ya serikali au ya kimataifa. Kumuita mtu anayetengenezea jikoni kwake "Intanesheno" kunawachekesha wateja tu.

Na kundi la mwisho, ambalo watu hulisahau: jina la kiambato chenyewe. "Mafuta ya Ubuyu" au "Mwarobaini Asilia" ni maelezo ya bidhaa, si jina la chapa. Kwa kuwa kila mtengenezaji ana haki ya kusema bidhaa yake ina ubuyu, si rahisi kukubaliwa kulimiliki peke yako kama alama ya biashara. Halafu siku ukiongeza mafuta ya nazi, chupa itasomeka "Ubuyu" mbele na "nazi" nyuma. Mteja hapo ana haki ya kushtuka.

Hatua ya 3: Tunga majina manane hadi kumi

Majina yanayokaa vizuri katika bidhaa za ngozi hutoka kwenye vitu vya karibu na kazi, si kwenye kazi yenyewe: chombo, namna ya kutengeneza, mahali pa mazao, kitu cha nyumbani kinachohusishwa na usafi na uangalifu. Jina la namna hii halidai chochote, kwa hiyo halikosei. Linaacha lebo ndiyo iseme bidhaa ni nini.

Dada wa Mbezi alibaki na manne baada ya kukata: Kibuyu, Rahaliwa, Mbuyuni na Ukindu.

Kibuyu lilimpendeza sana kwa kuwa linasikika karibu na ubuyu. Mama wa kwanza aliyeambiwa alicheka, akauliza kama kuna mganga ndani. Kwa watu wengi kibuyu na tunguri havitengani, na chupa ndogo ya mafuta yenye rangi ya dhahabu haisaidii. Likakatwa.

Mbuyuni ni zuri mdomoni, lakini ni jina la mahali, na Mbuyuni ziko nyingi nchini. Ukilitafuta mtandaoni unapata shule, vituo vya daladala na masoko, na biashara yako inazama humo.

Yakabaki mawili ya kupeleka kwenye majaribio.

Kuhusu Kiswahili au lugha nyingine: ukiuza kwa Watanzania, neno la Kiswahili linaloeleweka lina faida moja kubwa, kwamba mteja analiandika bila kukosea. Jina la Kizungu linaonekana la bei juu kwenye picha, ila linapotea likishaingia kwenye ujumbe wa sauti. Kama soko lako ni watalii wa Zanzibar, Kiswahili ndicho kinachouza zaidi, mradi neno liwe na silabi mbili hadi nne.

Hatua ya 4: Pima jina kwa simu

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakigharimu zaidi ya vocha. Mpigie mtu simu akiwa sehemu yenye kelele, stendi kwa mfano. Mtajie jina mara moja tu, usimwelekeze herufi. Mwambie akutumie alichosikia kwa meseji. Rudia kwa watu wote watano.

Wanne kati ya watano wakiliandika sawa, jina limepita. Wakiliandika kwa namna tatu tofauti, liache, hata kama linakupendeza kiasi gani, kwa sababu kila mteja atakayeelekezwa na rafiki atalitafuta vibaya na kukuta akaunti ya mtu mwingine.

Majina hukwama sehemu zilezile. R na L hubadilishana kulingana na mtu alikokulia. "Dh" na "th" huandikwa "z" na "s". Alama ya juu katika "ng'" haikubaliki kwenye jina la akaunti ya Instagram, ambako ni herufi, namba, nukta na mstari wa chini tu. Rahaliwa ilirudi ikiwa Rahaliwa, Lahaliwa na Rahariwa. Ukindu ilirudi Ukindu kwa wote watano, ingawa mmoja aliuliza kama ni Kindu ya Kongo. Swali hilo halina madhara kwa biashara ya Dar es Salaam. Kwa anayeuzia Goma au Bukavu ningelifikiria mara mbili.

Ukindu ndio nyuzi za kusukia mikeka. Jina linasema kazi ya mikono, pwani na uvumilivu, wala halitaji ngozi, weupe au tiba. Kwa mfano wetu linatosha. Usilichukue kabla ya kufanya hatua inayofuata, maana huenda mtu ameshalitumia.

Hatua ya 5: Tafuta, kisha sajili mara mbili

Anza na kutafuta. Ingia Instagram, TikTok na Google uandike jina peke yake, halafu jina likiwa na "skin", "oil", "tz". Kisha tafuta kwenye mfumo wa BRELA, `ors.brela.go.tz`. Usitafute yanayofanana herufi kwa herufi tu. Jaribu na yanayosikika sawa, kwa sababu msajili naye huangalia hivyo.

Sasa usajili, na hapa ndipo wengi wanapodhani wamemaliza kumbe ndiyo kwanza wameanza. Kusajili jina la biashara ni kuiambia serikali nani anafanya biashara kwa jina hilo. Hakukupi umiliki wa jina juu ya bidhaa. Umiliki huo unatokana na alama ya biashara, ambayo pia huombwa BRELA lakini ni ombi jingine, na huombwa kwa madaraja ya bidhaa. Vipodozi, sabuni na mafuta ya ngozi viko daraja la 3. Dawa ziko daraja la 5, kwa hiyo usichanganye. Ukisajiliwa, ulinzi wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Huyo anayebandika jina linalofanana na lako kwenye sabuni yake hutamzuia kwa cheti cha jina la biashara. Utamzuia kwa alama.

Zanzibar ni usajili wake pekee, kupitia BPRA. Alama ya Bara haivuki bahari. Kenya ni vivyo hivyo: jina la biashara kupitia eCitizen, alama kupitia KIPI, na viwango kupitia KEBS.

Kama fedha ni chache, fanya jina la biashara kwanza, chukua akaunti zote za mitandao siku hiyohiyo hata kama hutazitumia, kisha omba alama ya neno tupu bila mchoro. Neno likilindwa peke yake, unaweza kubadilisha nembo kesho bila kuomba upya.

Kuna sehemu moja ya jina ambayo hakuna anayeifundisha, nayo inavunja mauzo kila siku. Mteja anapolipia kwa Lipa Namba, kabla ya kuweka namba ya siri anaonyeshwa jina la anayelipwa. Kama lebo inasema Ukindu na simu inasema jina la mwanaume asiyemjua, anasita. Wengine wanaghairi palepale, na wana haki, kwa jinsi utapeli ulivyo. Ukishapata cheti cha jina la biashara, omba Lipa Namba kwa jina hilo. Jina la lebo, akaunti, risiti na malipo liwe moja, herufi kwa herufi.

Hatua ya 6: Chagua mtindo wa nembo

Ukipita kwenye rafu ya bidhaa asilia, utaona jani la kijani, tone la mafuta, na mwanamke aliyefumba macho. Hakuna ubaya wa sheria, ila nembo hizo hazikumbukwi, na nyingi zimetoka kwenye hazina moja ya michoro. Ukitumia mchoro wa tayari wa Canva kama nembo, fahamu kwamba masharti yao hayaruhusu kuusajili kuwa alama ya biashara, na mtu mwingine anaweza kuwa nao uleule leo hii.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: neno lililoandikwa vizuri, na alama moja ndogo sana iliyotoka kwenye maana ya jina. Basi. Kwa Ukindu alama hiyo ni msuko wa mkeka, mistari miwili inayopishana juu na chini. Haifanani na jani la mtu yeyote, na inaweza kuchorwa kwa kalamu.

Fonti: chagua yenye vikono vidogo miishoni mwa herufi kama unataka utulivu na ukongwe, au iliyonyooka kama unataka usafi na usasa. Zile za mwandiko wa kujizungusha ziache. Zinapendeza kwenye kadi ya harusi, ila kwenye chupa ndogo hazisomeki, na mama wa miaka 60 asiye na miwani hataona kama ni Ukindu au Ukiudu. Fonti nyingi za Google Fonts, mfano Lora, zina leseni huru ya kutumika kibiashara, kwa hiyo hakuna sababu ya kuiba.

Rangi: dhahabu inayometa, waridi kali na nyeupe tupu zikiwa pamoja ndizo sare za mkorogo. Moja peke yake si tatizo, tatizo ni zikikutana. Bluu na msalaba ni sare za famasi. Msalaba mwekundu hasa usiuguse, kwa kuwa ni alama inayolindwa na Mikataba ya Geneva, wala si pambo la mtu anayeuza sabuni.

Rangi ichaguliwe chupa ikiwa mkononi. Mafuta ya ubuyu huwekwa kwenye chupa ya kioo cha kahawia ili mwanga usiyaharibu. Ukichapisha kijani kilichokolea moja kwa moja juu ya kioo hicho, hakionekani. Dada wa Mbezi aliishia na stika ya rangi ya maziwa, maandishi ya kahawia nzito na msuko wa rangi ya udongo. Rangi mbili tu. Kila rangi ya ziada ni gharama na ni nafasi ya kukosewa na mchapaji.

Hatua ya 7: Jaribu kwenye chupa kabla ya kulipa

Chapa nembo kwenye karatasi ya kawaida, ikate, ibandike kwenye chupa kwa gundi ya karatasi. Fanya majaribio haya:

1. Iweke nembo upana wa milimita 20, ndiyo nafasi utakayoipata mbele ya chupa ya mililita 50. Isome ukiwa umbali wa mkono uliokunjuka. Kisha ipunguze hadi milimita 12, kwa ajili ya kifuniko.
2. Ipige fotokopi nyeusi na nyeupe. Kama alama imegeuka doa, mchoro una rangi nyingi au mistari myembamba mno. Nembo hiyo itakusumbua pia kwenye muhuri wa mpira.
3. Iweke kwenye duara. Picha ya akaunti ya WhatsApp na Instagram huonekana ikiwa mviringo, na jina refu la mlalo linakatwa pande zote. Hapo ndipo ile alama ndogo inapofanya kazi peke yake.
4. Bandika stika halisi moja, umwagie mafuta yako mwenyewe, uiache hadi kesho yake. Stika ya karatasi hunyonya mafuta na kuwa na madoa. Wino wa printa ya maji huvujika. Omba stika ya plastiki iliyochapwa kwa leza au yenye kifuniko cha nailoni.

Jaribio la nne ni la nembo kweli, si la uchapaji tu. Chupa yenye lebo iliyolowa na jina lililofutika nusu inafanana sana na iliyojazwa upya vichochoroni.

Acha nafasi ya maneno yanayojenga imani kuliko mchoro wowote: viambato vyote, ujazo, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na mahali bidhaa inapotengenezwa pamoja na namba ya simu. Kiambato kikuu kiandikwe pia kwa jina la kisayansi, *Adansonia digitata* kwa ubuyu. Anayejua atalitambua, na asiyejua anaweza kulitafuta.

Hatua ya 8: Makubaliano na mbunifu

Sasa ndiyo umuite. Mpe jina lililokwisha kusajiliwa, chupa, rangi mbili na wazo la alama. Andikianeni kwa maandishi kwamba baada ya malipo haki zote za mchoro ni zako. Meseji ya WhatsApp ni bora kuliko hakuna, karatasi yenye saini ni bora zaidi. Dai faili za `SVG` na `PDF` zinazoweza kukuzwa bila kuchakaa, pamoja na `PNG` isiyo na rangi ya nyuma. Ukipewa `JPG` peke yake, hujapewa nembo, umepewa picha yake. Dai pia jina la fonti na namba za rangi, ili mchapaji mwingine asikisie.

Usikubali akuwekee alama za watu wengine "kwa ajili ya kupendezesha". Alama ya ubora ya TBS ni ya mwenye leseni ya kuitumia. Kilimohai, halali na sungura wa kutopima kwa wanyama nazo zina wenyewe. Nembo ya taifa na bendera vina sheria yake. Alama ya kughushi ikigundulika, hakuna kitu kingine kwenye lebo kitakachoaminika.

Ukikwama

*Msajili amelikataa jina kwa kufanana na jingine.* Usiongeze "TZ" au "Naturo" mwishoni ukadhani umetatua. Sehemu kuu bado ni ileile. Rudi kwenye orodha ya hatua ya 3, chukua la pili, lipime tena kwa simu.

*Nimeshauza kwa jina baya, nina wateja.* Badilisha jina kwa hatua. Weka jina jipya kubwa, na chini yake kwa herufi ndogo "zamani" na jina la zamani, hadi stika zilizochapwa ziishe. Usibadilishe jina, rangi na chupa kwa pamoja, wateja watadhani biashara imeuzwa. Ila kama jina la zamani lina neno la weupe au tiba, liondoe mara moja hata kwenye hayo maandishi madogo.

*Wateja wanauliza "inang'arisha?"* Wakiuliza wengi, si kosa lao. Angalia picha zako: kama una picha za kabla na baada, au mwanga mkali unaofanya mikono ionekane myeupe, ndizo zinazouliza. Piga picha mpya kwenye kivuli cha mchana, ngozi ya rangi yake.

*Duka limekataa kupokea bidhaa licha ya lebo nzuri.* Mara nyingi wanataka usajili wa bidhaa TBS na msimbo wa mistari. Hilo haliponi kwa nembo. Nenda SIDO ya mkoa wako, waulize utaratibu kwa mjasiriamali mdogo, kabla hujachapisha stika elfu moja ambazo zitakosa namba.

*Jina la Instagram limeshachukuliwa na akaunti iliyolala.* Ongeza neno linaloeleza kazi, mfano `ukindu.ngozi`, na utumie hilohilo TikTok na kwenye lebo. Usiweke mistari ya chini miwili wala namba za mwaka, kwa kuwa hivyo ndivyo akaunti za kitapeli zinavyojiandika, na mteja wako anaweza kushindwa kuitofautisha yako na ya anayekuiga.